Sungura au mbuzi? Hesabu ya gunia moja la majani

Tangu nianze masomo ya mifugo Busogo, kila ninaporudi Gisenyi likizo huulizwa swali moja na watu wa nyumbani: mtu mwenye ua mdogo nyuma ya nyumba na pesa kidogo, anayetaka nyama na si maziwa, afuge sungura au mbuzi? Wengi wanaouliza huwa wameshalijibu wenyewe. Mwenye kupenda sungura atakwambia wanazaa haraka, na mwenye kupenda mbuzi atakwambia mbuzi ni benki. Wote wawili wanasema kweli, lakini hakuna aliyepima chochote. Katika makala haya nataka tupime.

Tuanze na nafasi, kwa sababu ndiyo kisingizio cha kwanza, nami naona haistahili kuwa hoja kubwa. Mbuzi jike mmoja wa kienyeji na mtoto wake wanatosha katika banda lililoinuliwa la mita mbili kwa mita moja na nusu. Sungura majike wawili, dume mmoja na watoto wanaokua wanahitaji vizimba vitano au sita vya sentimita 80 kwa 60, na ukivipanga ghorofa mbili ukutani vinachukua karibu nusu ya eneo hilo. Kwetu Rwanda mifugo hairuhusiwi kuzurura, kwa hiyo mbuzi naye ni wa kufungiwa na kuletewa chakula. Hapo ndipo ilipo tofauti ya kweli. Mnyama wa kufungiwa anaishi kwa kile ambacho mgongo wa mtu umekibeba siku hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ua una mita ngapi, uliza nyumba hii inaleta majani kilo ngapi kwa siku.

Nilipata nafasi ya kulipima jambo hili kwa shangazi yangu anayeishi Mbugangari. Ua wake una hatua tano kwa tatu, ukuta wa mawe ya volkeno upande mmoja, jiko upande wa pili, na mparachichi katikati. Binamu yangu wa miaka kumi na mitano ndiye mkata majani, akitoka shule. Nilimwomba shangazi tuning'inize mizani ya ndoano mlangoni tupime kila gunia kabla ya kulimwaga.

"Mwanangu, majani nayo yanapimwa?" aliniuliza.

"Shangazi, hayo ndiyo mtaji wako," nikamjibu. "Pesa utatoa mara moja, majani utatoa kila siku."

Wakati wa mvua kijana alileta kilo 9 hadi 10 bila taabu. Mwezi wa Agosti, jua likiwa limekausha kingo za barabara na kila mwenye mfugo akigombania majani yale yale, alirudi na kilo 4 na akachelewa. Ukichanganya mwaka mzima unapata kama kilo 7 kwa siku. Swali letu sasa linakuwa wazi: kilo 7 za majani mabichi kwa siku zinaleta nyama kiasi gani zikipita kwa mbuzi, na kiasi gani zikipita kwa sungura?

Mbuzi kwanza. Mbuzi jike wa kienyeji mwenye kilo 25 anakula kwa siku chakula kikavu cha asilimia 3 hadi 4 ya uzito wake. Majani mabichi kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo hiyo ni sawa na kilo 4 hadi 5 za majani ya kukata. Ongeza mwanambuzi anayekua, kilo 2, na gunia limekwisha. Mimba yake ni miezi mitano, na akitunzwa vizuri anazaa kila baada ya miezi tisa hivi, mara mtoto mmoja, mara mapacha. Ukitoa wanaokufa, hesabu ya uaminifu ni mtoto mmoja na nusu kwa mwaka. Mtoto huyo akifika mwaka mmoja ana kama kilo 16, na nyama pamoja na mifupa ni chini kidogo ya nusu ya uzito huo, yaani kilo 7. Kwa hiyo gunia la kila siku, mwaka mzima, limezaa kilo 10 au 11 za nyama.

Sasa sungura. Jike mkubwa anakula robo tatu ya kilo ya majani kwa siku. Akinyonyesha anafika kilo moja na nusu, kwa hiyo tumwekee wastani wa kilo moja. Majike wawili ni kilo 2, dume ni kilo 0.6, na kinachobaki katika kilo 7 kinalisha watoto kumi walioachishwa, kila mmoja gramu 400 na zaidi kidogo. Kila jike anaweza kuzaa mara nne kwa mwaka kwa chakula cha majani. (Wanaosema mara nane wanazungumzia chakula cha kununua kiwandani.) Tukichukua watoto sita kwa kila uzazi, majike wawili wanazaa 48. Robo watakufa, wengi wao kabla au mara baada ya kuachishwa, tubaki na 36. Kila mmoja akifika kilo 2, kwenye umri wa miezi minne na nusu hadi mitano, anatoa kilo moja ya nyama. Hizo ni kilo 36.

Gunia ni lile lile na kijana ni yule yule, lakini nyama imezidi mara tatu. Sababu si muujiza wa sungura. Mbuzi jike anakula sehemu kubwa ya gunia ili aishi tu, akingoja kutoa mtoto mmoja, ilhali kwa sungura zaidi ya nusu ya gunia inaingia kwa wanyama wanaoongezeka uzito. Muda nao unafuata njia hiyo hiyo. Leo ukimpandisha sungura, baada ya siku 31 anazaa, wiki sita baadaye unawaachisha watoto, na miezi sita tangu kupandisha unachinja wa kwanza. Ukinunua mbuzi mwenye mimba, nyama ya mtoto wake utaila baada ya mwaka na zaidi. Na mtaji? Kwa pesa inayotakiwa kwa mbuzi jike aliyekomaa, mtu anapata sungura watatu wa kuanzia na anabakiwa na za mbao na waya. Mbuzi akifa, mtaji wote umezikwa siku moja.

Ningeishia hapa, sungura wangekuwa wameshinda. Lakini nilisema "kilo 7 za majani" kana kwamba majani ni kitu kimoja, na sivyo. Mbuzi ana tumbo la kucheua. Anaweza kukaa kwa mabua ya mahindi, maganda ya ndizi, maganda ya maharage baada ya kupura, na majani ya ua wa miti. Agosti anakonda, lakini anaiona Septemba. Sungura hana tumbo hilo. Anataka majani laini, safi, na mchanganyiko: kishonanguo, ile tunayoiita inyabarasanya, majani ya viazi vitamu, majani machanga ya mabingobingo, majani ya karoti kutoka sokoni, na matawi ya kaliandra kwa wanaoyapata. Majani yenye umande au mvua yaanikwe kwanza kivulini yanyauke, kwani majani mabichi yenye maji yanamharibu tumbo, hasa mtoto aliyetoka kuachishwa. Kabeji ipewe kidogo tu.

Na kuna majani ya kukataa kabisa, ambayo hapa Rubavu yamejaa. La kwanza ni majani ya viazi vya kawaida, ibirayi. Huko juu Busasamana na Mudende yamelala mashambani bure, na mtu wa mjini akiyaona anadhani amepata neema. Yana sumu. La pili ni majani ya parachichi, ambayo yana sumu kwa sungura na kwa mbuzi pia, na ua wa shangazi una mti wake katikati. Ilibidi vizimba vikae upande wa jiko, mbali na majani yanayoanguka, na watoto wa nyumba wakaambiwa wasimpe sungura chochote cha kuokota chini.

Basi kipindi cha kiangazi, kuanzia Juni hadi katikati ya Septemba, ndicho kinachowashinda wafugaji wa sungura wa mjini. Si kwamba sungura wote wanakufa njaa. Kinachotokea ni kwamba ua umejaa watoto wanaokua katika mwezi ambao gunia ni kilo 4, hakuna anayefika uzito, wanadhoofika, ugonjwa unaingia, na mwenye ua anasema sungura hawafai. Dawa yake ni kalenda ya kupandisha. Kwa shangazi tuliipanga hivi. Majike wapandishwe mwisho wa Julai, ili wazae mwisho wa Agosti na watoto waachishwe mwanzoni mwa Oktoba, mvua ikiwa imeshaotesha majani. Wapandishwe tena mwanzoni mwa Oktoba, tena katikati ya Desemba, na mara ya mwisho mwisho wa Februari. Watoto wa mara hiyo ya mwisho wanaachishwa mwezi Mei, na kuanzia Julai wanapunguzwa, wazito kwanza, hata kama wengine hawajafika kilo 2. Kuanzia Machi hadi mwisho wa Julai hakuna kupandisha. Agosti inawakuta ndani ya vizimba majike wawili, dume, na watoto wachache wa mwisho, na kilo 4 zinatosha. Uzazi bado ni mara nne, ila umesogezwa uendane na mvua.

Kupandisha kwenyewe kuna kanuni chache. Jike ndiye anayepelekwa kwa dume. Ukimpeleka dume kwa jike, jike analinda chumba chake na wanapigana. Asubuhi moja inatosha, na unasimama hapo hapo uone: dume akimaliza anaanguka ubavuni. Siku ya 12 hadi 14 unapapasa tumbo la jike taratibu kwa vidole, na mimba inahisiwa kama punje za zabibu mfululizo. Siku ya 28 unaweka sanduku lenye majani makavu, naye anajinyofoa manyoya ya kifua kutandikia. Usiogope ukiona hakai na watoto. Sungura ananyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika chache tu, kisha anaondoka. Angalia matumbo ya watoto asubuhi: yakiwa yamejaa na ngozi haina mikunjo, mama anafanya kazi yake. Aliyekufa mtoe siku hiyo hiyo.

Ile robo niliyosema itakufa, kwa sehemu kubwa inauawa na ugonjwa mmoja, koksidiosisi. Vijidudu vyake vinatoka na kinyesi, vinakomaa kwenye unyevu, na mtoto anavirudisha tumboni akila majani yaliyokanyagwa. Utamjua mtoto mwenye ugonjwa kwa tumbo kubwa na mgongo mkavu, uti unaohesabika kwa kidole, manyoya yaliyosimama, na mara nyingi kuhara. Ukichinja mnyama ukakuta ini lina madoa meupe, jua kuwa vizimba vyako vinao hata kama wengine wanaonekana wazima. Dawa za salfa au amproliamu katika maji ya kunywa zinasaidia, kwa maelekezo ya veterineri wa sekta, na baada ya dawa unangoja siku alizokuambia kabla ya kuchinja. Lakini kinga ni sakafu. Kinyesi kianguke chini na mkojo upite. Waya wenye matundu ya sentimita moja na kidogo ni bora, na asiyekuwa na pesa apasue mianzi na kuacha nafasi ndogo kati ya vipande. Majani yawekwe kwenye susu la waya ubavuni mwa kizimba, kamwe si sakafuni. Nimeona watu wakitumia pesa za dawa mara tatu huku majani bado wanayatupa sakafuni.

Sasa soko, ambako mbuzi anarudi kwa nguvu. Hapa Gisenyi hakuna siku mbuzi alikosa mnunuzi. Burusheti zinachomwa kila mtaa. Sungura ana wanunuzi wake, lakini ni lazima uwatafute mwenyewe, na wapo jirani wasiomweka mdomoni. Kwa hiyo sungura 36 kwa mwaka wahesabu kwanza kuwa ni chakula cha nyumba: mmoja kila siku kumi, mlo mmoja wa watu sita, bila kuhitaji jokofu. Mbuzi akichinjwa nyumbani, kilo 7 ni lazima ziuzwe au zigawiwe siku hiyo.

Na hapa kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Kwamba sungura ni halali ndiyo kauli ya wanazuoni wengi, na hadithi ya Anas kuhusu paja la sungura lililopelekwa kwa Mtume (s.a.w.) akalipokea imo katika Bukhari na Muslim. Tatizo halipo kwa mnyama, lipo kwenye namna anavyouawa. Mitaani kwetu wengi wanamuua sungura kwa kumpiga kisogoni au kumnyonga shingo, kwa sababu ni rahisi na damu ni kidogo. Aliyekufa kwa pigo ni mzoga. Ukinunua sungura aliyekwisha chunwa, uliza alichinjwaje na nani. Ukichinja mwenyewe, mtu mmoja amshike miguu ya nyuma na mabega, kisu kiwe kikali sana, Bismillahi Allahu Akbar, na ukate koo na mishipa ya damu ya pande zote mbili kwa mara moja. Manyoya ya shingo ni mazito kuliko yanavyoonekana, kwa hiyo yatenganishe kwa vidole kabla ya kisu.

Sungura hafai kwa udh'hiya wala akika. Hiyo inampa mbuzi bei ambayo sungura hataipata kamwe, na ndiyo sababu sikumshauri shangazi amkatae mbuzi, nilimshauri tu asimfuge wa kuzalisha. Badala yake, akishapata pesa ya kutosha, anunue mwezi wa Desemba au Januari dume la umri wa miezi minane hadi tisa, lenye mifupa mikubwa na mwili mkavu, alilishe mpaka Idi ya Kuchinja. Mwaka 2025 Idi hiyo iliangukia tarehe 6 Juni, na kila mwaka inarudi nyuma siku kama kumi na moja. Maana yake ni kwamba kwa miaka michache ijayo miezi ya kunenepesha inapita katikati ya masika, Machi hadi Mei, majani yakiwa tele, na mbuzi anatoka uani kabla kiangazi hakijaanza.

Mnunuzi wa udh'hiya anatazama mambo mawili ambayo mfugaji ayajue mapema. Umri: mbuzi awe ametimiza mwaka. Kinywani, mbele katika taya la chini, meno mawili ya katikati ya kitoto yanang'oka na kupisha mawili mapana ya kudumu kwenye umri wa mwaka mmoja na kidogo, na wengi hawanunui mpaka wayaone. Mwenye kufuga tangu mapema aandike tarehe, kwani mbuzi aliyetimiza mwaka anaweza kuwa bado hajayaotesha. La pili ni kasoro: chongo ya wazi, kilema cha kuchechemea, ugonjwa, na ukondefu uliokithiri vinamtoa. Kuhasiwa si kasoro, na beberu aliyehasiwa mapema hanuki, jambo ambalo jirani wa ukuta mmoja atalishukuru. Ahasiwe na veterineri, na kidonda kipone kabla ya msimu wa nzi.

Shangazi aliuliza mbuzi huyo atakula nini ikiwa gunia limeshahesabiwa lote kwa sungura. Tulirudi kwenye mizani. Kila jioni tulipima kilichobaki kwenye masusu: mashina ya mabingobingo, vijiti vya kaliandra vilivyochunwa majani, mabua. Wakati wa mvua yalikuwa karibu kilo 2 kwa siku. Sungura amechagua laini, na kilichobaki ni chakula cha mbuzi. Koksidia za sungura haziambukizi mbuzi, kwa hiyo hakuna hatari hapo, ilimradi uchukue kilichobaki kwenye susu na si kilichoangukia kwenye kinyesi, na kisiwe kimeota ukungu. Kilo moja au mbili za nyongeza zinatoka kwenye maganda ya ndizi ya majirani wawili, ambao wameahidiwa kinyesi cha sungura kwa bustani zao za dodo.

Alianza na sungura peke yao, majike wawili wa damu ya Kalifornia kutoka kwa mfugaji mmoja na dume kutoka kwa mwingine, ili wasiwe ndugu. Pesa ya mbuzi bado anaikusanya. Mizani ameikataa kuirudisha. Imebaki mlangoni, na binamu yangu sasa anaandika kilo za kila siku kwa makaa ukutani.